Mtoto mufupi, si kila mara damu ya baba yake

Kuna neno moja tunasikia kila mara mu mikutano yetu: «Mutoto wangu ni mufupi juu na mimi niko mufupi. Njo damu ya kwetu.» Mara ingine ni kweli. Watu hawalingane, na urefu wa wazazi unahesabika. Lakini mu inchi yetu uchunguzi wa 2017-2018 ulionesha kama watoto 42 juu ya 100 wenye chini ya miaka 5 ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Damu peke yake haiwezi kueleza hesabu ya namna ile.

OMS, ni kusema Shirika la Afya la Dunia, ilifuata watoto wa miji sita: Akra, Oslo, Delhi, Muskat, Pelotas ku Brazili, na Devis ku Amerika. Ilichagua familia ambazo zilikuwa na chakula, usafi na muganga, na mama walinyonyesha vizuri. Wale watoto walikomaa karibu sawasawa mpaka miaka 5, wa Gana kama wa Norveji. Toka 2006 vipimo vyao njo vinatumika dunia yote, na kwetu pia.

Tutwae mfano wa binti mmoja, wa kamp yoyote katikati ya Likasi na Kolwezi. Amezaliwa na sentimetre 49, vizuri kabisa. Ku miezi 6 ana 65, na kipimo cha katikati ni karibu 66. Mpaka pale maziwa ya mama yamefanya kazi yake. Ku mwaka 1 ana 69 na nusu, wenzake wako ku 74. Ku miaka 2 ana 77, wenzake wamefika 86. Mstari wa hatari ya OMS kwa binti wa umri ule ni 80. Huyu yuko chini yake.

Sasa tazameni kile kinatudanganya. Ku konsiltasyo wanamuweka ku kilo: 9 na nusu. Mstari wa chini wa kilo kwa umri wake ni 9. Basi wanaandika ku karte kama yuko muzima, mama anarudia ku nyumba na furaha. Hakonde, mashavu yake yako ya mviringo, anacheza. Ni mwili mudogo uliojaa vizuri, njo maana jicho halione kitu. Ni urefu tu ungesema ukweli, na mu sentre nyingi za afya tunazozijua wanapima paka kilo.

Kupima urefu si kazi ya saa nzima, lakini inaomba watu wawili na ubao. Mtoto hajatimiza miaka 2 analazwa, haisimamishwe. Mtu mmoja anashika kichwa kigongane na ubao wa juu, mwingine anakandamiza magoti polepole na kusukuma ubao wa chini mpaka nyayo ziguse sawasawa. Viatu vinatoka, na mafundo ya nywele pia, juu yanaongeza sentimetre za bure. Na tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli: mu mwaka wa pili mtoto anaongezeka karibu sentimetre 1 kwa mwezi, basi mama akikosea miezi 2, kipimo chote kinapotea.

Sasa, ni nini kilitokea katikati ya miezi 6 na miaka 2? Mara nyingi jibu liko mu sufuria ya uji. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linaweka kikombe kimoja hivi, ya mililitre 240. Uji mwepesi unatumia gramu 20 hivi za unga wa mahindi mu kikombe kile, na unampatia kalori karibu 70. Lakini mtoto wa miezi 9 mpaka 11, hata akinyonya, anaomba kalori 300 hivi za chakula kila siku. Vikombe vinne havitoshi, na nani ku kamp anapika uji mara tano kwa siku? Tumbo linajaa maji, mtoto analala, tunasema ameshiba.

Tuongeze mu kikombe kile kile kijiko cha mafuta ya ngazi, gramu 10: ni kalori 90. Tuongeze kijiko cha karanga zilizotwangwa: karibu 57. Kikombe kimoja kinafika zaidi ya 210. Karanga zenye kuvu zitupwe, hata kama zilinunuliwa bei kali. Ila kalori peke yake haijenge mufupa. Unga wa mahindi hauna protini ya kutosha ya aina ambayo mwili unaomba, na zinki yake inafungwa, tumbo haliitwae vizuri. Njo pale yai, kapenta zilizosagwa pamoja na vichwa, na kunde vinaingia.

Wengine watasema: tatizo ni maji machafu na kuhara. Ni kweli kuhara kunarudisha mtoto nyuma. Lakini tusidanganyane kama choo kimoja ku kila nyumba kitatosha. Ku Zimbabwe walijaribu, na matokeo yalitoka 2019: vyoo na kunawa mikono peke yake havikuongeza urefu, chakula kiliongeza, lakini kidogo. Hakuna kitu kimoja kinachorudisha zile sentimetre zote.

Na wakati una mwisho. Mtoto akitimiza miaka 2 amefika karibu nusu ya urefu wake wa ukubwa. Akibaki mu maisha ile ile, binti wetu wa 77 anaweza kuwa mama wa 150 hivi. Mama mufupi sana nyonga zake ni nyembamba mara nyingi, anazaa kwa tabu, na mtoto wake anaweza kuzaliwa mudogo, chini ya kilo 2 na nusu. Yule mtoto naye anaanza nyuma. Ukitazama toka mbali utasema «damu ya familia», kumbe ni njaa ya bibi iliyopita kwa mama.

Si urefu tu. Ku Gwatemala, toka 1969 mpaka 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini unaoitwa atole, viwili vingine kinywaji cha sukari. Wale wanaume waliokunywa atole mbele ya miaka 3 ya umri walipokuwa wakubwa walipata mshahara wa saa karibu nusu zaidi ya wenzao. Hatusemi mtu mufupi hana nguvu, mu timu zetu kuko wafupi wanaoshinda wengi. Tunasema mwili ulionyimwa chakula unanyimwa mambo mengi kwa siku moja.

Wazee wetu wanakumbuka Union Minière iligawa posho kwa mfanyakazi, bibi yake na watoto, na ku kamp kulikuwa kantini za watoto. Haikufanya vile kwa mapendo, ilitaka mikono ya kesho. Leo mambo ya posho, pale ingali iko, ni paka mufuko wa unga. Basi ku mazungumzo yanayokuja ya konvansyo kolektive, delege wetu waombe vitu vitatu: posho iwe na kunde, mafuta na samaki kwa kila nyumba yenye mama mwenye mimba ao mtoto wa chini ya miaka 2, ubao wa kupimia urefu mu kila sentre ya afya ya kampani, na saa ya kunyonyesha kwa mama wafanyakazi, hata wale wa kampani ndogo za kukodisha watu. Ubao ule fundi wa mbao anaweza kuutengeneza. Direksyo isituambie bajeti haitoshi.