Likelemba ya franka: wa mwisho asilipie wa kwanza

Katika soko, mashule na makanisa yetu, watu wengi wanaopata na kutumia franka za Kongo wanaweka akiba kwa likelemba. Kila mtu anatoa feza sawa, na kila zamu mmoja anabeba mufuko wote. Watu wanasema ni haki kwa sababu kila mtu anapokea hesabu ileile. Mimi naona si haki franka inapoanguka, na sheria ya zamu inapashwa kubadilishwa.

Tuchukue mwaka 2017. Kwa mwanzo wake dola moja ilikuwa karibu franka 1.200, na kwa mwisho ilikaribia 1.600. Tuseme watu 12 walikuwa wanatoa franka 50.000 kila mwezi. Kila mufuko ulikuwa franka 600.000. Aliyepokea mwezi wa kwanza alishika karibu dola 500. Aliyepokea mwezi wa 12 alishika karibu dola 375, ingawa naye alitoa mara 12 kama wenzake. Dola 125 hazikuibwa na mtu. Wa kwanza alipokea franka yenye nguvu, akalipa deni lake kwa franka iliyochoka. Wa mwisho ndiye aliyemkopesha, bila kujua na bila faida.

Kuna vikundi vinavyojibu kwa kupanga mchango katika dola: kila mtu alete dola 40, ao franka zake kwa bei ya siku. Kwa muchuuzi anayepandisha bei kila wiki, hiyo inawezekana. Kwa mwalimu ao mulinzi anayelipwa franka, ni mutego. Katika mfano wetu, mchango wake ungetoka 48.000 mwezi wa kwanza hadi 64.000 mwezi wa mwisho, na mushahara haujaongezeka. Mtu wa namna hiyo anashindwa katikati, na mara nyingi ni kisha kupokea zamu yake. Hapo likelemba inavunjika, na wa mwisho anakosa yote.

Kwa watu wa mushahara wa franka, dawa nzuri zaidi ni kufupisha muzunguko. Wale watu 12 watoe 12.500 kila wiki, na mufuko wa 150.000 utoke kila wiki. Wenye kulipwa kwa mwezi watenge michango minne siku ya mushahara. Mzigo ni karibu uleule, lakini muzunguko unaisha kwa wiki 12. Kama dola ingepanda polepole kwa mwendo ule wa 2017, wa kwanza angepata karibu dola 125 na wa mwisho karibu 116. Kisha muzunguko wa pili ugeuze orodha: wa mwisho awe wa kwanza. Yeye atapokea mifuko miwili kwa wiki mbili zinazofuatana, na hasara inazunguka kama vile feza inavyozunguka.

Kuna mpaka: muzunguko mufupi unalinda zamu, haulindi franka uliyokwisha kupokea. Ukiiweka ndani ya sanduku, inaendelea kuyeyuka. Kama unajenga, nunua mabati siku ileile, maana hayaozi. Simenti usiilimbike, inashika unyevu na kuwa jiwe. Maharagwe yanaingia wadudu.

Na dola? Usikimbilie kwa kambisti na feza ya chakula cha mwezi huu. Muulize kwanza bei mbili: anauza dola ngapi, na ataninunulia ngapi? Tuseme anauza 2.300 na kununua 2.250. Ukinunua dola 100 na kuzirudisha kesho, umepoteza franka 5.000 bila bei kubadilika. Chunguza pia noti moja moja, kwani noti iliyopasuka hata kidogo inakataliwa hapa kwetu.

Mwaka 2025 ulifundisha jambo lingine. Kwa miezi mingi dola ilikuwa juu ya franka 2.800, halafu kufikia mwezi wa 10 ikashuka chini ya 2.500. Aliyenunua dola 100 kwa 285.000 ili alipe nyumba ya franka, alirudisha chini ya 250.000, na bei nyingi sokoni hazikushuka namna ile. Kwa hiyo dola ni ya deni la dola, ao ya kitu utakachonunua kisha miezi mingi. Matumizi ya karibu yabaki katika franka.

Kabla ya kuanza likelemba mpya, wanachama waandike mambo mawili kwenye daftari: muzunguko usipite miezi tatu, na orodha igeuzwe kila mara. Kama mwenye kushika daftari anakatala, muangalie jina lake liko kwenye zamu ya ngapi.