Ifuteni safu ya "Aliyesababisha"

Juma lililopita rafiki yangu mmoja, anayeongoza timu ya waandishi wa programu hapa Nairobi, alinionyesha kwa fahari daftari lao jipya la hitilafu. Kila hitilafu ina namba, maelezo, jina la anayeishughulikia, na chini kabisa kuna sanduku la lazima: "Imesababishwa na". Kila Ijumaa sanduku hilo hutoa grafu ya majina na kupelekwa kwa wakubwa. Nilimwambia alifute kabla ya Ijumaa nyingine. Alinicheka, akasema uzee umeniingia. Basi nayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake, na maana sanduku kama hilo niliwahi kulitengeneza kwa mikono yangu.

Nilikuwa naongoza watu saba. Tulitengeneza programu ya vyama vya akiba na mikopo: mwanachama analipa kwa simu, ujumbe wa malipo unaingia kwenye seva yetu, akiba yake inaongezeka. Daftari letu lilikuwa Bugzilla. Mkubwa wetu alitaka kujua "shida zinatoka wapi", nami nikalipa swali lake jibu la haraka. Nikaongeza safu moja, `cf_aliyesababisha`, nikaifanya ya lazima. Kazi ya dakika tano.

Miezi miwili ya kwanza nilijiona bingwa. Hitilafu zilizoandikwa zilishuka kutoka 46 kwa mwezi hadi 19. Grafu niliichapisha nikaibandika ukutani, pale penye birika la chai. Jamani, niliibandika mimi mwenyewe! Lakini simu za makarani wa vyama hazikupungua hata kidogo. Tena kati ya zile 19, hakuna hata moja iliyoandikwa na mwandishi wa programu. Zote zilitoka kwa mpimaji wetu au kwa wateja. Awali karibu nusu tulikuwa tunajiandikia wenyewe, kwa kuwa nyufa za nyumba huzijua zaidi fundi aliyeijenga. Hapo ndipo ningestahili kushtuka. Sikushtuka.

Kilichonishtua ni karani mmoja aliyepiga simu kusema wanachama 41 wana akiba nyingi kuliko pesa walizolipa. Sababu yenyewe si ya ajabu, na yeyote aliyeshughulika na malipo ya simu anaijua. Seva inapochelewa kujibu, ujumbe uleule unaweza kutumwa tena. Programu yetu haikuangalia kama namba ya muamala ilikwisha kuingia. Iliandika mara mbili, ikamwongezea mwanachama mara mbili.

Nilifungua tiketi nikatazama historia yake. Siku hiyo moja ile safu ya jina ilikuwa imebadilishwa mara sita, na watu watatu, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Msimbo haukuwa umeguswa na mtu. Mwishoni jina lililobaki lilikuwa la dada mmoja, kwa sababu `git blame` ilimtaja kwenye mstari ule. Nilipoendesha tena kwa `-w`, ili nafasi tupu zisihesabiwe, jina lake likatoweka. Alichofanya ni kupanga vizuri nafasi za mwanzo wa mistari! Amri ile humtaja aliyeugusa mstari mwisho, basi. Wala haiwezi kukuonyesha mstari ambao haukuandikwa kamwe, na hitilafu yetu ilikuwa hiyo hasa: kinga ambayo hakuna aliyeiweka.

Jioni kijana wetu mdogo kuliko wote alinifuata. Akaniambia, "Kaka, ile kitu niliiona siku tisa zilizopita." Alikuwa ameiona kwenye seva ya majaribio, akafungua ukurasa wa kuandika hitilafu, akafika kwenye sanduku la jina. Aliyeiandika sehemu ile ndiye aliyemfundisha kazi. Akafunga ukurasa, akaenda nyumbani.

Siku tisa. Zingekuwa siku za kurekebisha kabla ya mwanachama yeyote kutoa pesa zisizo zake, na baadhi yao walikwisha kuzitoa. Kijana sikumlaumu. Sanduku lile niliweka mimi.

Usiku huo niliuliza hifadhidata ya Bugzilla swali moja, ni safu zipi zinabadilishwa zaidi:

```sql
SELECT f.name, COUNT(*) AS mara
FROM bugs_activity a
JOIN fielddefs f ON f.id = a.fieldid
GROUP BY f.name
ORDER BY mara DESC;
```

Ya kwanza ilikuwa hali ya tiketi, kama inavyotarajiwa. Ya pili, `cf_aliyesababisha`. Yaani nilikuwa nimejenga mahakama, nikaiita daftari. Na tiketi zilizofungwa kwa `WORKSFORME` zilikuwa zimejaa, maana hitilafu "isiyoonekana kwangu" haina mwenyewe.

Kesho yake safu niliizima. Kuifuta kabisa Bugzilla haikukubali, kwa sababu ilikwisha kutumika, kwa hiyo niliitia alama ya kupitwa na wakati, nayo ikatoweka kwenye ukurasa wa kuandika. Grafu ya ukutani niliichana mbele ya wote. Mahali pa jina niliweka maswali mawili ya kujibiwa wakati wa kufunga, si wakati wa kufungua: ni kitu gani kiliruhusu hitilafu hii ipite, na ingeweza kuonekana wapi mapema zaidi? Ripoti ya Ijumaa ikawa ya sehemu za programu na siku ambazo tiketi imekaa bila kushughulikiwa.

Kwa yale malipo, swali la kwanza lilijibiwa kwa mstari mmoja:

```sql
ALTER TABLE malipo
ADD CONSTRAINT malipo_muamala_uk UNIQUE (namba_ya_muamala);
```

Haukukubali mara moja, kwani marudio yalikuwa bado mle ndani. Tulikaa na karani siku mbili tukiyatoa moja moja. Ila tazama: jina la mtu, hata lingekuwa la kweli, lisingetufikisha kwenye mstari huo.

Najua mtakaloniambia, maana mkubwa wetu aliniambia hilohilo: bila majina hakuna uwajibikaji. Hasa mwezi wa kwanza, hitilafu zilipopanda kutoka 19 hadi 52, aliniita akaniuliza kama watu wamelewa. Nilimwonyesha kwamba 24 kati ya hizo tulijiandikia wenyewe kabla mteja hajaziona. Hakufurahi, ila alininyamazia. Majina yako kwenye historia ya msimbo, hakuna aliyeyaficha. Anayeyahitaji ili kuuliza "ulikuwa unawaza nini hapa?" atayapata. Na yule anayeingiza kazi isiyopitiwa na mwenzake kila juma, nilimwita pembeni tukazungumza, mlango umefungwa. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili. Ukiyaweka kwenye grafu, unamfunza yeye na wengine sita namna ya kujificha.

Sisemi mambo yalinyooka. Watu waliendelea kutajana kwenye maoni, "kama fulani angepima", na ilinibidi nifute nikiandika upya kwa karibu miezi miwili. Mpimaji wetu alilalamika kwamba maswali mawili ni mengi, na kwa hitilafu ndogo za maandishi alikuwa na haki. Tukayaondoa huko.

Juma la kumi hivi, nilikuta tiketi iliyofunguliwa saa nne usiku na yule kijana. "Hesabu ya riba inakata senti badala ya kukadiria. Niliandika mimi mwezi uliopita. Bado haijafika kwa wateja." Kufikia saa sita mchana ilikuwa imerekebishwa, na hakuna karani aliyepiga simu.