Besi Inayokufia Kwenye Simu

Msikilizaji wa Dodoma hakai katikati ya spika mbili za studio. Wimbo mpya anausikia kwenye simu iliyolazwa juu ya meza ya mama lishe pale Majengo, au kwa hedifoni ya bei rahisi, sikio moja tu, akisubiri basi stendi ya Nanenane. Prodyuza anayeachia wimbo kabla ya kuusikiliza kwa njia hizo mbili hajamaliza kazi yake, hata kama miksi imenyooka studio.

Kinachopotea kwanza ni besi. Spika ya simu ni ndogo mno, na simu nyingi hazitoi sauti ya maana chini ya hezi 300 hivi. Besi ya kompyuta inayopiga kwenye hezi 50 hutikisa ukuta wa studio, lakini kwenye simu haipo kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanarudi kwenye kompyuta na kuipandisha. Simu bado haiitoi, maana haina uwezo huo, na siku wimbo unapigwa baa au kwenye gari, besi inameza maneno yote.

Dawa yake si kuongeza nguvu chini, ni kuipa besi sauti za juu. Noti ya hezi 50 inaweza kubeba juu yake sauti nyingine za 100, 150, 200 na kuendelea. Sikio likizipata zile za juu zimepangana hivyo, ubongo hujijazia wenyewe ile ya chini hata kama spika haikuitoa. Tatizo ni kwamba besi laini ya kompyuta karibu haina hizo sauti za juu. Basi nakili besi kwenye treki ya pili, itie mkwaruzo kidogo, kata kila kitu kilicho chini ya hezi 200, kisha ipandishe taratibu mpaka uweze kuifuata noti kwa noti kwenye simu. Ukirudi kwenye spika kubwa ukakuta besi inavuma kama nyuki, umezidisha, punguza.

Mafundi wa ilimba wa Ugogo walishalijua jambo hili. Kwenye kisanduku cha ilimba kuna vitundu vinavyofunikwa kwa utando wa buibui, na kila ufunguo unapopigwa utando ule huvuma. Mvumo huo ndio unaoipa noti ya chini sauti zake za juu, na ndiyo sababu ilimba ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, unaitambua bila shida hata kwenye spika ndogo. Prodyuza wa leo anayerekodi ilimba, akausikia mvumo akadhani ni kelele akaukata, ameondoa kitu kile kile ambacho simu ingekitoa vizuri.

Baada ya besi, sikiliza kiitikio. Simu ya bei ya chini huwa na spika moja, kwa hiyo huchanganya upande wa kushoto na wa kulia kuwa kitu kimoja. Ikiwa waitikiaji wametanuliwa kwa kuugeuza upande mmoja kinyume cha mwingine, pande hizo zikikutana zinafutana. Dalili yake haijifichi: mwimbaji mkuu yuko palepale, wenzake wamerudi nyuma kama wako chumba cha pili, au hawapo kabisa. Bonyeza mono kwenye programu yako na utalisikia tatizo hilo kabla hata hujaishika simu. Aliyetaka upana wa kweli awarekodi waitikiaji mara mbili, kila upande sauti yake.

Hedifoni za bei rahisi zina kasoro nyingine. Nyingi huchoma juu, herufi "s" na "sh" zikatoboa sikio, hasa kwa mtu anayechana maneno haraka. Hapo tafuta na upunguze kati ya hezi 5,000 na 8,000 kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, usiufifishe wimbo mzima.

Kipimo kina masharti yake. Zima mapambo ya sauti yaliyomo kwenye simu. Weka pembeni wimbo uliokwisha toka ambao unauamini, na usawazishe sauti za nyimbo zote mbili, kwa kuwa kinachopiga kwa nguvu zaidi hudanganya sikio. Toka nje kwenye upepo na pikipiki. Lakini kiasi cha besi usikiamue kwa simu hata siku moja. Hilo ni la spika kubwa. Kazi ya simu ni kukuambia kama besi inatambulika.

Nawe msanii uliyelipia studio, kabla ya kukabidhi malipo ya mwisho, omba wimbo wako upigwe kwenye simu yako mwenyewe, mezani, ukiwa umesimama hatua mbili kutoka hapo. Usipousikia mstari wa besi, kazi irudi kwenye kompyuta.