Kabla ya Kushika Fimbo, Uliza Ameacha Nini

Mwaka huu nilikwenda Ushirombo msibani. Ndugu yangu mmoja wa ukoo, mkulima wa pamba, akanishtakia mwanawe wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. "Kaka, huyu mtoto ameharibika. Hafui sare, hasomi, mama yake akimsemesha anafoka. Nimeamua nimpeleke machimboni akaonje uchungu wa maisha." Wazee waliokuwapo wakaafiki. Kijana alikuwa amekaa hatua tano kutoka tulipo, na hakuna aliyemgeukia.

Nakataa hukumu ile, na sababu zangu ni hizi.

Nilimuuliza baba: ameacha nini? Akasema kijana alikuwa kipa wa timu ya mtaa, na tangu Januari hajakanyaga uwanjani. Glavu zake, alizozinunua kwa vibarua vya kubeba mizigo mnadani, amempa mdogo wake. Hapo ndipo hoja ya uvivu inapoanguka. Mvivu hukwepa jembe na daftari, lakini filimbi ya mpira ikilia ni wa kwanza kufika. Mwenye sonona huacha hata kile alichokipenda. Na kijana anayegawa vitu vyake vya thamani bila sababu huenda anaaga.

Nikauliza juu ya usingizi. Mama ndiye aliyejua: mtoto huamka saa tisa usiku, akakaa kibarazani mpaka kunakucha. Baba alikuwa anajua nusu ya pili tu ya habari hiyo, yaani kwamba shuleni husinzia na huchapwa kwa kusinzia. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Lakini hata viboko vinne halali haviwezi kurudisha usingizi uliopotea.

Na ukaidi je? Mkaidi ana anachokigombea: ruhusa, simu, uhuru wa kutoka jioni. Ukimpa, hutulia. Hasira ya kijana huyu haikuwa na dai. Alimfokea mama, akamfokea mdogo wake, kisha akajiita mzigo. Wengi wetu tunadhani mgonjwa wa sonona lazima alie. Kwa vijana, huzuni mara nyingi huvaa sura ya hasira, au hujificha katika maumivu ya kichwa na tumbo. Huyu alikuwa amepimwa malaria mara mbili, hakuonekana na vimelea, na nyumbani ikasemwa anajisingizia.

Sisemi kila kijana mzito wa kuamka ni mgonjwa. Umri huo wenyewe husogeza saa za usingizi mbele, na upungufu wa damu nao huchosha. Katika ukanda huu wa dhahabu, kijana anayechoma zebaki anaweza pia kupata uchovu, hasira na usahaulifu. Ndiyo maana zahanati haikwepeki. Kipimo cha kuanzia ni mabadiliko: je, amekuwa tofauti na alivyokuwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, nyumbani na shuleni pia?

Jioni ile nilitembea naye hadi barabara kuu, nikamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wazee huogopa swali hilo wakidhani litapanda wazo. Halipandi, humpa mtu nafasi ya kulitua. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo, baba mdogo. Ile dawa ya pamba iko chini ya kitanda changu." Usiku uleule dawa ilihamishiwa kwa jirani, ikafungiwa. Kesho yake, badala ya machimboni, baba na mwana walikwenda hospitali.

Alipewa vidonge na miadi ya mazungumzo. Wiki ya kwanza baba alinipigia akisema havifanyi kazi. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo ndizo za kumkalia karibu zaidi. Wiki ya sita kijana alianza kulala mpaka alfajiri. Golini hajarudi bado.

Sasa nawageukia watumishi wa umma. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Familia inayojua kwamba ukweli unaweza kuishia polisi itamdanganya daktari, nalo jaribio litaandikwa kuwa bahati mbaya shambani. Hatuwezi kuwataka wazazi waache kumhukumu mgonjwa huku sheria yetu ikiwa mstari wa mbele kumhukumu.

Na wewe mzazi, fimbo iweke kando kwanza. Muulize mwanao ameacha nini, tangu lini, na huamka saa ngapi.