Laini ya Siku 200 Haiheshimiwi na Mtu, Acheni Kutudanganya

Kila grupu ya foreksi kwenye Telegram ina yule msee wa kutuma skrinshoti: bei imeshuka, imegusa laini ya wastani wa siku 200, imeruka. Chini anaandika, "Soko huheshimu 200." Na wasee wanaitikia na moto kumi.

Skrinshoti yao tamu zaidi ni ya S&P 500, ile indeksi ya hisa kubwa za Marekani ambayo wengi wetu tunaitredi kwa simu. Tarehe 16 Agosti 2022 ilipanda hadi karibu 4,325, pale pale kwenye laini, ikageuka. Kufikia 12 Oktoba ilikuwa imefunga 3,577. Hiyo ilitokea kweli, sibishani. Shida ni kwamba hawakuonyeshi siku zingine.

Sasa wacha nikuonyeshe wiki moja wasiyoipenda. Mwisho wa Februari 2020, korona ikianza kutikisa masoko, laini ilikuwa karibu 3,050. Tarehe 27 Februari indeksi ikafunga 2,979, chini ya laini. Machi 2 ikafunga 3,090, juu. Machi 3 ikafunga 3,003, chini. Machi 4 ikafunga 3,130, juu tena. Machi 5 ikafunga 3,024, chini. Hiyo ni kuvuka mara tano ndani ya siku sita za soko. Heshima gani hiyo? Bei ilipita hapo kama bodaboda kwenye taa nyekundu.

Tuseme ulikuwa na 100,000 na ukafuata sheria kila siku: juu nunua, chini uza. Umeuza 27 Februari. Umenunua Machi 2 na kuuza kesho yake, umebaki na kama 97,200. Umenunua Machi 4 na kuuza kesho yake, umebaki na kama 93,900. Halafu ukakaa nje hadi 27 Mei, indeksi ilipofunga 3,036, juu ya laini. Jirani yako aliyelala tu bila kugusa kitu alikuwa na karibu 101,900.

Lakini usikimbie kusema laini ni takataka. Tarehe 23 Machi indeksi ilifunga 2,237. Siku hiyo jirani alikuwa amebaki na kama 75,100, na wewe bado una zako 93,900. Hiyo ndiyo kazi ya laini: kukutoa kwenye shimo refu. Haijui bei itageukia wapi. Ni wastani wa bei za kufunga za siku 200 zilizopita, basi. Inakuambia soko limekuwa likielekea wapi, na inachelewa kukuambia.

Ndiyo maana watu makini huiangalia mara moja tu kwa mwezi, siku ya mwisho ya soko. Kwa sheria hiyo, ungeuza 28 Februari kwa 2,954, kisha ukae. Mwisho wa Machi bado iko chini, mwisho wa Aprili bado. Ungerudi 29 Mei kwa 3,044. Umelipa kama asilimia 3 kwa kurudi bei ikiwa juu kuliko ulipouza, lakini hukuchapwa na zile kelele za wiki moja, na shimo umelikwepa. Hiyo asilimia 3 ichukulie kama bima. Na kuna siku mwezi utaanza vizuri, soko lianguke katikati, na sheria hii ikuache ndani hadi mwisho. Hiyo nayo ni bei yake.

Na kama bado unaamini bei "inaheshimu", pima mwenyewe. Fungua chati ya miaka kumi. Andika kila siku bei iliyokuja ikafunga ndani ya asilimia 1 ya laini, hata zile zinazokuaibisha. Kutoka bei hiyo ya kufunga, nini kilikuja kwanza: kurudi ilikotoka kwa asilimia 3, au kuvuka kwa asilimia 3? Kurusha sarafu kungekupa takriban nusu kwa nusu. Ukimaliza, futa 200, weka 187, halafu 213, hesabu tena. Kama hizo namba zisizo na jina zinapata alama sawa na 200, basi hakuna uchawi kwa hiyo namba.

Kwa hivyo mwalimu wako wa foreksi akikuambia uweke oda hapo kwenye laini kwa sababu "itaruka tu", muulize swali moja: imegusa mara ngapi, na imeruka mara ngapi? Akikujibu kwa skrinshoti, toka kwa hiyo grupu na pesa yako.