Barua ya kazi ijibu tangazo

Wengi wetu tuko na barua moja ya kuomba kazi ambayo tunatoa kopi na kuiweka kila mahali. Anayechagua dosye anashika tangazo lake mkononi na kutafuta majibu ya yale aliyoomba. Asipoyaona, anaweka barua pembeni.

Tuchukue mfano. Shirika linatafuta mwanamke wa kuhamasisha usafi kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia. Tangazo linaomba diplome ya Serikali, uzoefu wa kuhamasisha watu, uwezo wa kuandika rapore, na Kiswahili. Linaongeza kwamba kujua Kilendu au Kihema ni faida.

Tukamate karatasi, tupige mstari katikati. Kushoto tunaandika kila sharti kwa maneno yaleyale ya tangazo. Kuume tunaandika jambo tulilofanya kweli: wapi, lini, na watu wangapi.

Tuseme mama wa Lumumba hajafanya kazi ya ofisi hata siku moja. Kwa uzoefu, anaandika hivi: « Mwaka 2019, wakati wa Ebola, nilipita nyumba kwa nyumba katika avenue yetu kwa miezi 4, nikifundisha kunawa mikono. » Kwa rapore: « Tangu 2021 ninatunza daftari la kikundi chetu cha akiba cha wanawake 25. Kila mwisho wa mwezi ninaandika hesabu na kuisoma mbele ya wote. » Maneno haya yana nguvu kuliko kusema « mimi ni mchapakazi », kwa sababu yanaweza kuhakikishwa. Mwenyekiti wa kikundi anaweza kuulizwa.

Diplome anaitaja kwa mstari mmoja tu, na mwaka aliyoipata, maana kopi iko ndani ya dosye.

Je, kama upande wa kuume unabaki mtupu? Tuangalie neno la tangazo. Kilendu ni faida tu, basi asiyekijua anaweza kuomba. Anataja lugha anazozungumza kweli. Lakini diplome ni lazima. Asiye nayo afadhali atunze pesa za kopi kwa tangazo lingine. Tusiseme uongo, kwa maana siku ya mahojiano wataanza kuongea Kilendu palepale.

Sasa barua: juu tunaweka jina la kazi na namba ya tangazo jinsi zilivyoandikwa. Masharti ya lazima yanatangulia, kila moja na mfano wake, yote kwenye ukurasa mmoja. Tangazo likiwa la Kifaransa, barua nayo iwe ya Kifaransa.

Mwisho, tufunike jina la shirika kwa kidole na kusoma. Kama barua inaweza kwenda kwa shirika lingine bila kubadili kitu, bado haijajibu tangazo.