Mchoro wa forodha usomwe kwa maneno

Katika semina za wafanyabiashara mjini Kampala, slaidi ya utaratibu wa mpakani huwa ni visanduku na mishale. Mtoa mada husema, "Kama mnavyoona hapa, ukitoka hapa unakwenda pale," kisha hupita. Kwa asiyeona, au aliyekaa nyuma, "hapa" na "pale" hazimfikishi Busia.

Maandishi ya kumsaidia yakiwepo, mara nyingi husema tu kwamba mchoro unaonyesha hatua za kuvusha bidhaa. Hilo ni jina la mchoro, utaratibu wenyewe haumo. Chukua utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa ufupi, unaweza kuandikwa hivi:

Utaratibu una hatua 7. Hatua ya 2 na ya 3 ni maswali.

1. Mfanyabiashara anaonyesha mzigo na ankara forodhani.
2. Je, bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya? Ndiyo: hatua ya 3. Hapana: hatua ya 6.
3. Je, iko kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya shehena haizidi dola 2,000? Ndiyo: hatua ya 4. Hapana: hatua ya 5.
4. Ofisa wa forodha anagonga muhuri kwenye cheti rahisi. Nenda hatua ya 7.
5. Unahitajika cheti kamili cha asili. Aliye nacho: hatua ya 7. Asiye nacho: hatua ya 6.
6. Bidhaa inatozwa ushuru wa forodha. Nenda hatua ya 7.
7. Kodi nyingine zinazodaiwa zinalipwa, vibali vinakaguliwa, mzigo unaachiliwa.

Kazi kubwa iko kwenye maswali. Kila jibu lazima litaje namba ya kwenda, hata kama ni inayofuata. Mwandishi akiandika "Ndiyo" na kusahau "Hapana", mwenye mzigo wa nje ya Jumuiya atasoma moja kwa moja hadi hatua ya 4 na kudhani cheti ni chake. Rangi nazo hazitoshi: "mshale mwekundu" haumwambii kitu asiyeuona.

Kuandika hivi pia hufichua upungufu wa mchoro. Michoro mingi humalizikia kwenye muhuri, na mfanyabiashara huondoka akiamini hadaiwi tena. Cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Hakifuti kodi ya ongezeko la thamani wala kibali cha afya ya mimea.

Kabla ya semina, msomee mtu ambaye hajaona slaidi. Kisha muulize: mama mwenye maharage ya Uganda ya dola 2,400, na cheti kamili mkononi, anapita wapi? Akijibu 1, 2, 3, 5, 7, maandishi yako tayari. Akitaja 4, kagua upya swali la 3.